Barua ya Pili kwa Mzee Kimeu

Mzee Kimeu wa Wote alikuwa na namna yake ya kutolipa watu. Hakukataa hata siku moja. Mtu anayekataa unaweza kumshika shati, ukamwita mbele ya chifu, mkaelewana au mkakosana. Kimeu alikubali. Alikubali kwa sauti ya upole, akakuita mpendwa, akakuuliza habari za watoto kwa majina, kisha akakueleza kwamba cheki imeshaandikwa, ila mwenye kutia sahihi ya pili yuko semina Naivasha. Wiki iliyofuata mwenye sahihi alikuwa amerudi lakini anaumwa na mgongo. Wiki iliyofuata tena alikuwa amefiwa. Kufikia Septemba Mwongeli Kyule alikuwa amemhurumia mtu huyo hadi huruma ikamwishia, na akaamini kabisa kwamba hajawahi kuzaliwa.

Mwongeli alikuwa na bauza moja, lori la maji la lita elfu kumi, alilolinunua kwa mkopo wa chama na kwa kiwanja cha marehemu mumewe. Alichota maji kwenye kisima cha kuchimbwa nje kidogo ya mji wa Kitui, akawauzia wenye kujenga, wenye mahoteli na shule zilizokaukiwa matangi. Kati ya Aprili na Mei alikuwa amempelekea Kimeu maji huko Zombe, ambako Kimeu alikuwa anamjengea mfanyabiashara mmoja maghala ya ndengu. Safari arobaini na sita, elfu tisa kila safari. Ankara aliipeleka tarehe tatu Juni. Walikuwa wamepatana siku thelathini.

Jumapili ya tarehe kumi Septemba, mtu alituma video katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa. Mwongeli aliifungua akiwa amekaa jikoni na sahani ya muthokoi mapajani. Alikuwa Kimeu, kule Kasikeu, amevaa suti ya rangi ya maziwa yaliyoungua, akikabidhi hundi ya mabati ya kanisa. Hundi yenyewe ilikuwa ya kadibodi, kubwa kama mlango wa choo, imeandikwa shilingi laki mbili na nusu kwa herufi nyekundu. Mchungaji alishika pembe moja, Kimeu akashika pembe nyingine, akatazama kamera kwa macho ya mtu aliyeonewa na ukarimu wake mwenyewe. Kwaya ikapiga vigelegele. "Si mimi," Kimeu alisema kwenye kipaza sauti, "ni Mungu anayetoa."

"Ni mimi," Mwongeli aliiambia simu.

Muthokoi haukulika tena.

Barua aliiandika Jumatatu, kwenye simu, kwa kidole kimoja. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kimeu mwenyewe aliwaandikia watu kwa Kiswahili, akijiona mtu wa watu, na pia kwa sababu Kiingereza cha Mwongeli kilikuwa cha ankara tu na hakikuwa na nguvu aliyoihitaji. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza alijisikia mwepesi, kama aliyetapika chakula kibaya. Kilichobaki ni kuambatisha makaratasi, na hilo simu yake haikuweza. Kwa hiyo Jumanne aliweka zile hati za delivari, karatasi ambazo msimamizi wa saiti alizitia sahihi kila bauza ilipomwaga maji, ndani ya bahasha ya kaki, akaenda mjini kwa Tima.

Tima Hemedi alikuwa na chumba juu ya duka la pembejeo, meza mbili, kompyuta moja na mashine ya kunakili iliyokohoa. Aliwawekea vitabu wafanyabiashara wadogo wa Kitui, na kwa miaka ishirini alikuwa ameona madeni ya kila aina. Familia yao ilikuja kutoka pwani tangu enzi za babu yake, na ingawa Tima alizaliwa Kitui na alisema Kikamba vizuri kuliko wengi wanaojigamba nacho, Kiswahili chake bado kilitembea kwa mwendo wa kwao.

"Da Tima, nisaidie tu kuweka hizi karatasi, halafu utume," Mwongeli alisema, akampa simu.

Tima alivaa miwani. Alisoma polepole, na Mwongeli alimwangalia usoni akingoja afurahi.

*Kimeu, wewe ni mwizi. Wezi wengine angalau hutoka jasho. Umechukua maji yangu safari 46, umejengea maghala, na sasa unamjengea Mungu kanisa kwa pesa yangu. Hiyo Prado yako inakunywa karo ya mtoto wangu. Hata mbwa akila hutikisa mkia. Usiponilipa kesho nakuja Wote na spika nikutangaze sokoni, na wazee wote wa kanisa nitawatumia hii barua wakujue. Ukidhani mimi ni mjane wa kuchezewa, utaona.*

Iliendelea hivyo kwa kurasa mbili. Ilimtaja mama yake Kimeu mara moja, suti yake mara tatu.

"Imeandikwa vizuri," Tima alisema mwishowe. "Hapa pa suti nimecheka."

"Basi tuma."

"Sitaki."

"Aiya! Da Tima!"

"Nakuuliza kwanza. Unataka alie au unataka alipe?"

"Vyote."

"Kulia hatalia. Watu kama hawa hawana hayo machozi." Tima aliiweka simu mezani kama mtu anayeweka yai. "Nikwambie atakavyofanya. Ataisoma hii, atafurahi. Ndiyo, atafurahi! Tangu Julai ameishiwa na sababu, yule mtu wa semina amemwishia. Wewe sasa unamletea sababu mpya. Atampelekea wakili. Atasema huyu mama amenitukana, amenitishia, ametaka kuniharibia jina kanisani, na mimi siwezi kumlipa mtu wa namna hii mpaka aombe msamaha. Mtazungumza matusi mpaka Krismasi. Maji hayatatajwa tena."

Mwongeli alimjua Kimeu vya kutosha kuisikia ile sauti: *Mpendwa, nimeumia sana.*

"Kwa hiyo nimbembeleze," alisema. "Nimwambie natumaini u mzima. Mimi situmaini. Natumaini anaendesha damu."

"Nani kakwambia udanganye? Hatuandiki natumaini u mzima." Tima alivuta kibodi. "Adabu si kumbembeleza mtu. Tunaandika mambo ambayo hata hakimu akiyasoma hatatikisa kichwa. Haya, nani hasa huandika malipo kule kwake?"

"Kimeu."

"Kimeu hutia sahihi. Nani huandika?"

Mwongeli alifikiri. Kulikuwa na kijana wa hesabu, Fahim, aliyemtumia oda ya kwanza mwezi wa nne. Anwani yake bado ilikuwa kwenye simu.

"Huyo ndiye tunamwandikia. Kimeu tunampa nakala tu. Karani akipata kitu kilichokamilika hukiweka kwenye faili. Bosi akipata hicho hicho hukikalia."

Wakaanza. Ilikuwa kazi ya kumchuna Mwongeli ngozi. Neno *mwizi* likatoka, badala yake ikaingia namba ya ankara na tarehe yake. Prado ikatoka. Mwongeli aliitetea Prado kwa dakika nzima.

"Prado ni kweli! Iko! Ina namba mpya!"

"Ni kweli, lakini haidaiwi. Akiwa na Prado ana deni, akiwa na punda pia ana deni."

Mbwa akatoka. Kadibodi ikatoka, na hapo Mwongeli aliinuka akaenda dirishani, akasimama huku akiwatazama watu waliokuwa wakishusha magunia ya mbolea chini. Alihisi kwamba wanamvua nguo yeye na kumvisha Kimeu. Miaka yote alikuwa amewaona watu wa aina hiyo, wanene wa shingo, wakiheshimiwa kwa sababu tu kuwakosea heshima ni gharama. Na sasa yeye alipe gharama hiyo kwa maneno, aseme *tafadhali* kwa mtu ambaye asingemkabidhi hata kuku amshikie.

"Na spika sokoni?" Tima aliuliza nyuma yake. "Utakwenda kweli?"

"Hapana."

"Basi usiseme. Andika lile utakalofanya tu. Ukisema moja usilofanya, mengine yote hayaaminiki. Dai lako halifiki milioni, linaingia Mahakama ya Madai Madogo, na huko huhitaji wakili. Hilo utafanya?"

"Hilo nitafanya," Mwongeli alisema. Alirudi kukaa. "Hilo nitalifanya hata leo."

"Hilo tunaandika, mara moja, mwishoni, bila kupiga kelele. Nipe hati nizinakili."

Tima alizitoa kwenye bahasha, akazipanga kwa tarehe, akazihesabu kwa kidole kilicholoweshwa. Akazihesabu tena.

"Zipo arobaini na tano."

"Arobaini na sita."

"Hesabu mwenyewe."

Mwongeli alihesabu. Tarehe kumi na nane Mei haikuwa na karatasi. Kwenye daftari lake la safari ilikuwepo, kwa mkono wa Munyao, dereva wake: *Zombe, saiti ya Kimeu, lita 10,000.* Alimpigia simu palepale, akaweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru kupekua bahasha.

"Munyao, ile hati ya tarehe kumi na nane mwezi wa tano iko wapi? Iko ndani ya gari?"



"Mama Syokau, hiyo haipo."

"Kiema hakusaini?" Kiema ndiye aliyekuwa msimamizi wa saiti.

"Kiema hakusaini kwa sababu sikufika kwake."

"Ulifika wapi?"

"Niliuzia hoteli moja hapo Zombe sokoni. Elfu saba."

Tima alivua miwani akaanza kuifuta.

"Uliuza maji yangu," Mwongeli alisema polepole. "Ukaandika Kimeu."

"Niliuza," Munyao alisema. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimkera Mwongeli kuliko lile jambo lenyewe. "Ulikuwa hujanilipa Aprili, na Mei ilikuwa inaisha. Nilikuuliza mara nne. Ulisema Kimeu akilipa. Mimi sikumpelekea maji Kimeu, Mama Syokau. Nilikupelekea wewe. Mke wangu alikuwa hospitali anajifungua, nikaambiwa nilete pesa. Nikaleta."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia mara nne."

Simu ilikatika. Mwongeli aliitazama simu yake, na kwenye kioo ile barua ya jana ilikuwa bado imefunguka kwenye mistari ya kwanza. Safari 46. Alikuwa ameita mtu mwizi kwa safari arobaini na sita, na moja ilikuwa imeibwa kwake, na aliyeiba alikuwa na sababu ileile aliyokuwa anaipigia kelele yeye. Alijidharau kwa muda mfupi lakini kwa ukamilifu. Kisha akakumbuka kwamba Kimeu bado alikuwa na safari arobaini na tano za maji yake tumboni.

"Sasa?" alimuuliza Tima.

"Sasa tunashukuru Mungu sikutuma."

"Namaanisha tunaandika nini? Tukiiacha tu ile moja, hataona."

Tima alimtazama. "Atakuwa ameona tangu Juni. Kiema naye ana daftari lake. Unadhani Kimeu hajui kuhesabu? Ile moja ameiweka akiba. Siku utakayompeleka mbele ya mtu, ataitoa mfukoni: huyu mama ankara zake ni za uongo. Tumnyang'anye."

Walitengeneza hati ya kupunguza ankara kwa elfu tisa. Kisha wakaandika, na safari hii Mwongeli ndiye aliyetamka na Tima akapiga chapa, akimsahihisha hapa na pale. Ilipokwisha, ilikuwa hivi:

*Kichwa: Ankara namba 0117, Sh405,000, iliyopaswa kulipwa tarehe 3 Julai*

*Ndugu Fahim,*

*Ninaandika kuhusu ankara namba 0117 ya tarehe 3 Juni, ya maji tuliyoleta kwenye ujenzi wa maghala huko Zombe. Tulipatana mlipe ndani ya siku thelathini, yaani kufikia tarehe 3 Julai. Leo ni siku ya 71 tangu tarehe hiyo, na hatujapokea malipo yoyote.*

*Tulipopitia kumbukumbu zetu, tumeona kwamba ankara ilihesabu safari 46. Safari zilizofika kwenu ni 45. Kosa ni letu, na tunaomba radhi. Tumeambatisha hati ya kupunguza Sh9,000. Kiasi tunachodai sasa ni Sh405,000. Tumeambatisha pia nakala ya ankara na hati 45 za delivari zenye sahihi ya msimamizi wenu.*

*Tafadhali lipeni kiasi hicho chote kufikia Ijumaa tarehe 22 Septemba, saa kumi jioni, kwenye akaunti ya benki iliyo kwenye ankara. Kama kuna safari mnayoipinga, tujulisheni kwa maandishi kufikia Ijumaa hii, tarehe 15, mkitaja tarehe ya safari hiyo. Kama mmeshalipa, tutumieni uthibitisho wa benki ili tufunge jambo hili.*

*Malipo yasipofika kufikia tarehe 22, tutapeleka dai letu katika Mahakama ya Madai Madogo bila kuwaandikia tena.*

*Asante,*
*Mwongeli Kyule*

"Haina chumvi," Mwongeli alisema.

"Haina," Tima alikubali. "Ongeza chumvi ukifika nyumbani."

Ilitumwa saa saba kasorobo. Mwongeli alimlipa Tima shilingi mia tano na akateremka ngazi akihisi amefanyiwa jambo la aibu ambalo hakuweza kulitaja jina.

Alhamisi Fahim alijibu. Mistari miwili tu: amepokea, ankara na hati zinalingana na daftari la saiti, ameiweka kwenye orodha ya malipo na kuipeleka kwa mkurugenzi kutia sahihi. Mwongeli aliisoma mara sita. *Zinalingana na daftari la saiti.* Kwa hiyo Tima alikuwa amesema kweli. Daftari lilikuwepo, na kila walipozungumza mambo ya mgongo na semina, Kimeu alikuwa na ile safari moja mfukoni.

Ijumaa asubuhi Kimeu mwenyewe alipiga simu. Mwongeli alikuwa kisimani, amesimama kando ya bauza huku Munyao, ambaye tangu Jumanne alikuwa hasemi ila la kazi, akifunga mfuniko wa tangi.

"Mpendwa!" Kimeu alisema. "Mbona tunaandikiana kama serikali? Si ungenipigia tu?"

"Nilikupigia, mzee. Mara kumi na moja."

"Ah, mtandao huu. Syokau anaendeleaje na masomo?"

"Anaendelea."

"Mungu ni mwema. Sasa, mpendwa, hii barua yako. Mimi sina neno, pesa ni yako. Lakini vijana wangu kule saiti walihesabu, na kuna shida kidogo. Wewe umedai safari arobaini na sita. Kwetu tunaona arobaini na tano." Alishusha sauti, kama mtu anayemfunika mwenzake aibu. "Sasa mimi sitaki kusema mtu ni mwongo. Lakini ankara ikiwa na kasoro, wewe unajua, lazima tuirudishe yote, tuanze upya kuhakiki moja baada ya nyingine. Inaweza kuchukua hata miezi miwili."

Hapo ndipo Mwongeli alipoelewa kwa nini Tima huvaa miwani anaposoma.

"Mzee," alisema, "umeisoma barua?"

"Nimeisoma, nimeisoma."

"Soma fungu la pili."

Alisikia karatasi. Alisikia Kimeu akipumua kwa pua. Mtu huyo alikuwa hajaisoma. Alikuwa ameona kichwa cha barua na jina la mahakama, akachukua silaha yake ya akiba akaja nayo mbio bila kutazama kama ina risasi.

"Tumeandika arobaini na tano," Mwongeli alisema. "Hati ya kupunguza iko. Fahim amethibitisha kwamba zinalingana."

"Oh," Kimeu alisema. Halafu, "Fahim amethibitisha."

"Kwa maandishi."

Kimeu alikohoa. Alianza upya, sasa kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: vipi kama angetuma laki mbili Jumatatu, halafu hiyo nyingine wakazungumza Novemba, kama ndugu? Mambo ya mahakama si ya watu wa Mungu.

Maneno yote ya barua ya kwanza yalipanda kooni mwa Mwongeli, yamepangwa tayari, suti, kadibodi na mbwa. Aliyameza moja moja. Haikuwa kwa heshima. Aliona tu kwamba mtu huyu hastahili hata kutumiwa matusi mazuri kiasi kile.

"Laki mbili ukituma Jumatatu tutapokea," alisema. "Iliyobaki ni kufikia tarehe ishirini na mbili, kama ilivyoandikwa. Nitakutumia haya tuliyozungumza kwa barua, ili tusisahau."

"Mwongeli, umekuwa mgumu."

"Hapana, mzee. Asante kwa kupiga simu."

Akaituma palepale, mistari mitatu, kwa Fahim na nakala kwake, bila kumwuliza Tima. *Kama tulivyozungumza kwa simu leo asubuhi.* Ilimpendeza jinsi maneno hayo yalivyokuwa makavu.

Jumatatu hazikuja laki mbili. Jumanne wala Jumatano. Mwongeli hakupiga simu. Alikwenda kuchukua fomu ya madai mahakamani, akaijaza kwa kalamu ya wino mweusi, akaacha tarehe wazi. Ijumaa tarehe ishirini na mbili, saa tisa na dakika arobaini alasiri, dakika ishirini kabla ya muda, simu yake ililia ujumbe wa benki. Laki nne na elfu tano. Zote kwa mara moja. Kumbe zilikuwepo. Wiki hizo zote zilikuwa zimelala tu mahali fulani, na mwenye sahihi ya pili alikuwa amepona.

Hakuruka. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasikia dharau ikimjaa taratibu, nzito kuliko hasira, na ya kudumu kuliko hasira. Hasira ilikuwa imemfanya amwone Kimeu kama simba. Sasa alimwona jinsi alivyo, mzee anayeshikilia pesa za mwenzake hadi dakika ya mwisho si kwa sababu anazihitaji, ila kwa sababu kuziachia kunamfanya ajione mdogo.

Saa kumi na moja Kimeu alituma ujumbe. *Mpendwa, Bwana asifiwe, nimejitahidi mpaka nimefaulu. Tunaanza kazi nyingine Kasikeu mwezi ujao. Nahitaji safari 30. Masharti yale yale.*

Mwongeli alimpigia Tima akamsomea. Tima alicheka hadi akakohoa.

"Utamjibu nini?"

"Nimeshamjibu. Nimemwandikia hivi: *Asante kwa oda yako. Tutafurahi kuleta maji. Kwa kazi hii tunapokea malipo kabla ya kila safari.*"

"Tutafurahi?" Tima aliuliza. "Nilidhani hudanganyi."

"Elfu tisa ikiwa mkononi, nitafurahi."

Kimeu hakujibu, na bauza haikwenda Kasikeu.

Jumamosi asubuhi alimwita Munyao nyumbani. Alikuwa amezihesabu pesa zake kwenye bahasha: Julai na Agosti, ambazo Munyao bado alikuwa anamdai, maana miezi ya nyuma alikuwa ameimalizia kidogokidogo, na humo Mwongeli alikuwa ametoa elfu saba za ile safari. Alikuwa amefikiria kutoa tisa. Alikuwa amefikiria pia kutotoa chochote. Saba ndiyo iliyomwacha apate usingizi. Alimweleza hivyo, akaongeza kwamba kuanzia sasa mshahara utatoka tarehe mbili, Kimeu alipe asilipe, kila mtu alipe asilipe.

Munyao alizihesabu mbele yake, akakunja bahasha mara mbili.

"Ni sawa," alisema. Kisha akatoa ufunguo wa gari, akauweka kwenye kiti. "Nimepata trela, Mtito Andei. Naanza Jumatatu."

"Nimekulipa yote, Munyao."

"Umenilipa, Mama Syokau. Asante." Hakuwa na hasira hata kidogo, na alikuwa na adabu zote, aliinama kidogo, akamsalimia Syokau aliyekuwa akifua nje, akafungua geti na kulifunga bila kuligonga.

Mwongeli alibaki akiutazama ufunguo. Angetaka Munyao amtukane, walau kidogo, apate la kumjibu. Baadaye aliinuka akaenda kumpigia simu binamu yake Musyimi, aliyewahi kuendesha lori la mchanga, na kabla hata ya kumwambia kazi ni ya nini, alimwambia siku ya mshahara.